Chaneli Isiyo na Mwenyewe

Zahanati ile ilikuwa na spika ya kuita wagonjwa, lakini ilikufa mwaka wa tatu huo na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Ya nini, wakati dirishani alikaa Zumari? Akitaja namba, mtu aliyekwenda chooni nyuma ya jengo alirudi mbio huku akifunga mkanda. Daktari aliwahi kumwomba apunguze kidogo, watoto wanaamka. Zumari akamwambia, "Daktari, hii ndiyo imepunguzwa."

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa jingine, lakini hata mshahara ukichelewa mhasibu alikuja kumwomba radhi Zumari. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mume aliondoka zamani, bila ugomvi wala maelezo, na yeye akarudi kwa mama yake, kwenye chumba cha uani chenye dirisha linalotazama ukuta. Nyumba ilikuwa ya mama. Ila wote walijua nani anaiendesha, nani anashika funguo za geti na nani anaamua rangi ya mlango. Alikuwa kaka yake mkubwa, mpiga picha wa harusi, mtu wa koti hata jua likiwaka.

Sasa huyu kaka, tuseme ukweli, ndiye aliyemtoa Zumari jikoni akamweka mbele ya kamera. Miaka tisa nyuma alimrekodi akiimba kwenye harusi ya binamu, akaipandisha video Yutubu, watu wakaipenda. Akafungua chaneli, akaiita Zumari Rasmi. Hilo neno "Rasmi" aliliandika mwenyewe, kwa vidole vyake kumi. Hakuna aliyemuuliza karatasi, kwa sababu Yutubu mtu yeyote anaweza kuiita chaneli yake vyovyote apendavyo. Hata hapo hakutosheka. Kwenye picha ya duara, ile ya Zumari akicheka, alichora tiki ya bluu kwa programu yake ya kusafishia picha za maharusi, akaisogeza pembeni karibu na sikio. Watu wakaona tiki, wakaamini. Wafuasi elfu sitini na tatu, si mchezo.

Barua pepe ya chaneli ilikuwa ya kaka. Neno la siri lilikuwa la kaka. Nguo ya kuvaa siku ya kurekodi alichagua kaka. Zumari akitunga wimbo anapelekewa kaka kwanza, na kaka huukata, huubandika, huongeza beti za kuwasifu wazazi wa bwana harusi. Video ikitoka, yeye huiona kama wanavyoiona watu wengine, kwenye simu ya mwenzake kazini. Miaka tisa hivyo. Ukiuliza, kaka atakwambia, "Mimi namlinda dada yangu." Haya, na alindwe.

Ndiyo maana mwaka ule alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichukua likizo, akaenda kwa mpiga kinanda mmoja mwenye studio ya chumba kimoja, wakarekodi nyimbo saba. Zote alitunga yeye, maneno na sauti, bila mkasi wa mtu. Wa tatu uliitwa "Nimebaki", na ulimtoa machozi mpiga kinanda mwenyewe, mtu aliyezoea kulia kwa ajili ya bili ya umeme tu. Albamu ikapelekwa kwa wakala wa kusambaza nyimbo mitandaoni, ofisi ndogo juu ya duka la vipuri. Zumari hakumwambia kaka. Hakuwa anamwibia mtu. Alitaka kitu kimoja tu duniani chenye jina lake, ambacho funguo zake zinakaa kwenye mkoba wake mwenyewe. Alipanga kumwambia baadaye, polepole, siku kaka akiwa ameshiba.

Wiki tatu baadaye kaka aliingia uani bila kubisha. Zumari alikuwa anaanua nguo.

"Hongera," alisema kaka. "Hongera sana, dada. Umekua."

Akamtolea simu. Palikuwa na chaneli: Zumari, kistari, halafu neno "Topic". Nyimbo saba. Kila moja ina picha ile ile ya jalada la albamu, imeganda, haichezi. Zumari alitazama, na ukweli ni kwamba moyo wake ulifurahi kwanza, kisha ukaona uso wa kaka ukaacha.

"Hii sijafungua mimi," alisema.

"Nani sasa? Mimi? Mama?" Kaka alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nyimbo zako, jina lako, sura yako. Nikataka kuandika maoni kuuliza ni nani huyu, nakuta umeyafunga! Yaani umenifungia mdomo kabisa. Miaka tisa nakubeba mgongoni, unanifungulia chaneli ya pili kwa siri na mlango unaubana."

"Kaka, nyimbo nilirekodi, hilo ni kweli, nilikuwa nakuja kukwambia. Lakini chaneli sijui."

"Chaneli hujui. Imeota kama uyoga."

Akamwambia wazi. Jumapili mjomba wao atakuwepo. Kufika siku hiyo, chaneli iwe imefutwa. Isipofutwa, Zumari atafute pa kukaa, maana hakuna atakayelala chini ya paa la mama huku akimchimba mtoto wa mama. Alipotoka alifunga mlango wa uani taratibu, kwa adabu zote.

Zumari akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuifuta chaneli. Masikini, aliifuta kweli! Alibonyeza kila penye nukta tatu. Alibonyeza jina, akabonyeza picha, akabonyeza hadi akajikuta anamtumia binamu yake wimbo. Popote hapakuwa na kitufe cha kufuta, wala pa kuingilia, wala pa kuomba neno jipya la siri. Unafutaje kitu usichokuwa nacho? Na Mama alihitaji kugeuzwa mara mbili kwa usiku kwa ajili ya nyonga yake, na wifi yake, mke wa kaka, kazi hiyo hakuwahi hata kuijaribu. Akiondoka yeye, nani?

Ijumaa aliomba ruhusa ya saa mbili, akapanda zile ngazi za juu ya duka la vipuri. Wakala alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa, anayekula karanga huku anafanya kazi. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, kisha akaona si la kucheka.

"Samahani, shangazi. Hii hujafungua wewe, na mimi sijafungua. Hakuna mtu aliyefungua. Mimi nilipeleka nyimbo zako saba, pamoja na jina na jalada. Zikifika kule, mtambo wa Yutubu wenyewe unazipangia ukurasa kwa jina la msanii. Ndiyo maana ya hilo neno Topic. Ona hapa."

Akafungua "Nimebaki" na kushusha maelezo ya chini. Mstari wa juu ulitaja kampuni ya usambazaji iliyoleta wimbo. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kwa Kiingereza kwamba video imetengenezwa na Yutubu, kiotomatiki.

"Chaneli ya mtu wa kawaida haina mistari hii, mtu hupakia video yake na kuandika anachotaka," alisema binti. "Humu huwezi kupakia, huwezi kuandika. Maoni hayajafungwa na wewe, ndivyo zilivyo. Haina neno la siri, haina barua pepe. Haina mwenyewe."

"Sasa mwanangu, nitamwonyeshaje mtu kitu hakina mwenyewe? Anataka nikifute."

"Njia ya kuiondoa ni moja. Nitoe albamu yako sokoni. Nyimbo zikiondoka, ukurasa unabaki mtupu, mwishowe hauonekani."

Binti akasogeza bakuli la karanga upande wake. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, Zumari aliwaza. Nyimbo saba au kitanda.

"Iko njia nyingine," binti alisema. "Chaneli rasmi ya msanii. Hiyo tunaiomba sisi wasambazaji. Wakikubali, unawekewa noti ya muziki mbele ya jina lako, na nyimbo zote za kwenye Topic zinahamia kwako, pamoja na wafuasi wake. Ila lazima uwe na chaneli ambayo ni yako, ya msanii mmoja, unaiendesha mwenyewe au mtu wako anaiendesha kwa niaba yako."

"Si ipo ile ya Rasmi? Ina tiki."

Binti akaikuza picha kwa vidole viwili. Tiki ikawa kubwa kama bamia, na ukingo wake ukaonekana umekatwa vibaya.

"Shangazi, hii imechorwa. Tiki ya kweli haikai ndani ya picha, inakaa mbele ya jina, na wanaitoa Yutubu. Na hata tiki ya kweli si noti, tiki hata chaneli ya mpishi inaweza kupata. Hii hapa ni chaneli ya mtu anayepakia video, basi. Nani ana neno lake la siri?"

"Kaka yangu."

"Basi ni ya kaka yako," alisema binti, kwa upole kabisa.

Mambo mengine mtu unayajua miaka yote, lakini hadi uambiwe na mtoto anayekula karanga ndiyo yanakukaa. Zumari aliona aibu, kisha hasira, kisha akatoa simu yake. Wakafungua chaneli mpya papo hapo, kwa barua pepe yake mwenyewe. Neno la siri alilitunga akiwa amempa binti mgongo. Mfuasi wa kwanza alikuwa binti. Wa pili mpiga kinanda, wa tatu mkewe, wa nne fundi wa duka la vipuri, aliyeitwa ngazini apande alete simu. "Hata mmoja anatosha," binti alisema. "Tutaomba kwa hii. Nisubiri Jumatatu nianze?" Zumari akasema subiri Jumatatu, kikao cha nyumbani kipite kwanza. Alishuka ngazi anaimba, tena kwa sauti ile anayosema kaipunguza.

"Na kaka akibisha," binti alimpigia kelele kutoka juu, "mwambie hata waliokufa wanazo!"

Maneno hayo yalimfuata mpaka zahanati. Wakati wa chakula alijifungia stoo ya dawa, kati ya maboksi ya glavu, akaandika jina la baba. Si jina la vyeti. Aliandika Fundi Saa, jina la bendini, maana mchana baba alitengeneza saa na jioni aliimba. Alikuwa amekufa miaka ishirini na mmoja. Ikatokea: Fundi Saa, kistari, Topic. Nyimbo nne. Kumbe kampuni iliyokuwa na kanda za bendi ilizipeleka tena sokoni, na mtambo ukampangia mzee ukurasa wake, mtu ambaye hakuwahi hata kushika simu ya mkononi. Zumari hakubonyeza wimbo. Aliogopa kulia halafu atoke dirishani na macho mekundu.

Jumapili wakakaa. Mama kwenye kiti chake cha mito, mjomba kwenye kochi kubwa, kaka na koti lake, wifi mlangoni na birika. Mjomba alikuwa mwalimu mstaafu, na alianza kwa kuwakumbusha watoto wa dada yake kwamba yeye hana upande, halafu akatumia robo saa akiwa upande wa kaka. Shukrani, alisema. Shukrani ni kitu kikubwa. Mama alitazama sakafu.

"Umefuta?" kaka aliuliza.

"Haifutiki, kaka, kwa sababu si yangu. Si ya mtu. Mtambo ndio unaifungua."

"Sikieni!" Kaka akawageukia. "Mimi nipo kwenye kazi hii miaka tisa. Nimefungua chaneli kwa jasho. Nasema hivi, hakuna chaneli inayojifungua. Toa neno la siri, dada, tumalize, tunywe chai."

"Halina."

"Halina!" alisema mjomba, akatikisa kichwa kama anayesahihisha daftari bovu.

Zumari akatoa simu, akaiweka juu ya meza. "Basi tafuteni jina la baba. La bendini. Kaka, andika wewe mwenyewe, kwenye simu yako, usije ukasema nimechezea yangu."

Kaka aliandika. Aliandika kwa dharau, kwa kidole kimoja. Halafu kidole kikasimama.

"Soma," alisema Zumari.

Kaka hakusoma. Mjomba akavaa miwani, akanyakua simu, akasoma kwa sauti. "Fundi Saa. Topic." Akamtazama Zumari, akaitazama tena simu.

"Sasa mniambie," Zumari alisema, na hapo sauti ilipanda yenyewe hadi wifi akasogeza birika. "Baba naye alifungua lini? Alitoka kaburini akaenda kutafuta mtandao? Na yeye kamfungia nani mdomo?"

Mjomba, bila kukusudia, alikuwa amegusa wimbo. Sauti ya baba ikatoka, nyembamba kidogo kwa sababu ya spika ya simu, lakini ni yeye, na lile kohozi dogo analosafisha kabla ya ubeti. Mama aliinua mkono kama anayeomba watu wanyamaze, na hakuna aliyekuwa anaongea. Alilia bila kujifuta. Wakausikiliza wimbo wote hadi mwisho, na hata kaka alivua koti.

Zumari alijua ameshinda. Aliliona kabisa hilo, miguuni lilimwingia kama joto. Alikuwa na chumba chake na nyimbo zake saba, vyote viwili.

Kaka alifuta macho kwa mkono wa shati. "Dada, nisamehe," alisema. "Mbele ya Mama na mjomba, nisamehe. Nilikukosea. Kumbe kweli haina mwenyewe."

"Yameisha, kaka."

"Haina mwenyewe," kaka alirudia, sasa polepole, na Zumari akaona macho yake yanaanza kuhesabu kama anapopanga maharusi wasimame wapi. "Si kuna utaratibu wa kuziunganisha? Nimewahi kusikia. Topic inaingia kwenye chaneli kubwa, wanaweka alama ya noti. Tuunganishe na ya kwetu! Elfu sitini na tatu, na albamu mpya, na noti juu. Mjomba, huyu dada yangu atakuwa mtu mkubwa."

"Hayo ndiyo maneno," alisema mjomba. "Umoja."

Wifi akapiga kigelegele kidogo cha majaribio.

"Nina chaneli yangu," alisema Zumari. "Nimeifungua Ijumaa, kwa barua pepe yangu. Naomba noti iwekwe humo."

"Ina watu wangapi?"

"Wanne."

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linalouma zaidi, walicheka kama mnavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kaka naye alicheka huku amemshika bega kwa mapenzi ya kweli. Ukibishana na mtu aliyekutukana unapata nguvu. Mtu aliyekuomba radhi mbele ya mama yako, machozi hayajakauka, utabishana naye vipi? Laiti angeendelea kumshutumu.

"Kaka, nyimbo zile nilitunga mwenyewe. Nataka nizishike mwenyewe."

"Nani amekataa? Jina lake nini chaneli? Si Zumari? Mimi nimewahi kuiita kwa jina langu?"

Zumari akamtazama Mama. Mama alikuwa bado ameshika simu yenye baba ndani yake, kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema Mama, "mpe kaka yako, yaishe. Nimewasikia mkigombana wiki nzima kupitia ukuta. Mimi sina muda mrefu wa kusikia mambo."

Jumatatu binti wa wakala alipiga simu saa nne, foleni ikiwa ndefu. Kaka, aliyepewa namba yake na Zumari jana yake, alikwisha kumtumia kila kitu, tena haraka. Hata hotuba zake mbili za harusi alizokuwa ameweka kwenye chaneli alizifuta, kwa uchungu mwingi, baada ya kuambiwa chaneli iwe ya msanii mmoja. Tiki ya kuchora aliifuta pia.

"Shangazi, naona ameomba yeye kama meneja wako," alisema binti. "Lakini nyimbo ziko kwa jina lako, siwezi kupeleka bila neno lako. Nataka kukuuliza mwenyewe. Hii chaneli, kaka yako anaiendesha kwa niaba yako, kwa ridhaa yako?"

Zumari alishika kalamu ya kuandikia namba. Nje ya kioo mzee mmoja alikuwa anamwonyesha karatasi.

"Nikisema hapana?"

"Nitaomba kwa ile yako ya Ijumaa. Hakuna shida kabisa. Wewe sema tu. Ila ikishakubaliwa kwa ile nyingine, elewa, mwenye funguo ni mwenye ile barua pepe. Mimi sitakuwa na la kufanya."

Kusema neno moja tu. Mtu ambaye sauti yake inafika chooni nyuma ya jengo! Aliwaza kitanda cha Mama, na mikono ya Mama kwenye simu. Aliwaza Jumapili nyingine kama ile, mjomba na robo saa yake, na Mama akitazama sakafu. Aliwaza kwamba kaka ameomba radhi, na mtu akiomba radhi mbele za watu unakuwa na deni lake.

"Kwa ridhaa yangu," alisema.

"Una uhakika?"

"Peleka, mwanangu. Nina watu hapa."

Noti ilikuja wiki ya tatu. Kaka alinunua soda kreti nzima. Ilikuwa noti kweli, ndogo, ya kijivu, mbele ya jina na si ndani ya picha, na nyimbo saba zilikuwa zimejipanga chini ya video za harusi kana kwamba zimezaliwa humo. Ile chaneli ya Topic ukiitafuta huipati tena. Kaka hakuwa na choyo. Alimwongeza dada yake kwenye chaneli, rasmi, kwa barua pepe yake, na Zumari akakubali mwaliko akiwa amejifungia stoo. Akaingia. Akaona idadi ya watazamaji, akaona michoro inayopanda na kushuka, akaona kila kitu. Alipojaribu kubadilisha neno moja kwenye maelezo ya chaneli, mahali palipoandikwa kuwa mtunzi wa nyimbo zote ni Familia, hapakukubali kuandikika. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutazama. Alimuuliza kaka jioni, na kaka akamwambia, kwa upole wa mtu aliyeshiba, "Ndiyo salama, dada. Ukibonyeza vibaya je?"

Ile chaneli ya watu wanne ikabaki na watu wanne. Baadaye ikabaki na watatu, sijui nani alijitoa. Maisha yakaendelea, na kwa kuwa Zumari hakuwa mtu wa kununa, hakuna aliyejua.

Miezi miwili ikapita. Siku moja akaja dirishani mshonaji mmoja wa makamo, mkono umefungwa bandeji, akatoa kadi yake, kisha badala ya kwenda kukaa akainama kwenye kitundu cha kioo.

"Dada, samahani. Wewe si ndiye Zumari mwenyewe?"

"Ndiyo mimi. Keti, utaitwa."

"Nikushukuru tu kwanza. Mama yangu alipofariki sikuwa nalala. Ule wimbo wako, 'Nimebaki', niliusikiliza mpaka watoto wakaficha simu. Nikakuandikia chini ya video yako moja ya harusi, nikakuuliza, dada, ulikuwa na jambo gani siku unautunga? Maana mtu hawezi kutunga vile bila kuwa na jambo." Macho yake yalikuwa yamelowa na anatabasamu. "Na ukanijibu! Mtu mkubwa kama wewe ukanijibu."

Kalamu ya Zumari ilikuwa juu ya kadi. Aliiacha hapo hapo.

"Nilikujibu nini?"

Mshonaji akacheka, akadhani ni utani wa wasanii. Akatafuta simu kwa mkono mzima, akaipandisha hadi kwenye kioo, akasoma yeye mwenyewe kwa sauti, maana alikuwa amekwisha kariri. "'Asante sana mpenzi. Sikuwa na jambo lolote. Wimbo alinipa kaka yangu, mimi huimba tu ninachopewa.'" Akashusha simu. "Wanangu wabishi, waliniambia mama umetapeliwa, hizi chaneli mtu yeyote anafungua. Nikawaambia nyinyi watoto hamjui kutazama. Angalieni jina, ile pale noti. Hiyo haidanganyi. Ni yeye mwenyewe." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Si ni wewe mwenyewe, dada?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Zumari alitazama simu ya yule mama, jina lake na noti yake mbele.

"Ni mimi," alisema, akamwandikia namba.